Bado Kidogo, Gando

Mjukuu wangu ana miaka 5, na neno linalomtia hasira kuliko yote ni "ngoja". Nikiwa jikoni nachoma maandazi, atakuja mlangoni mara sita kabla sahani ya kwanza haijapoa. "Bibi, tayari?" Ngoja. "Bibi, sasa?" Ngoja, mume wangu, utaungua. Mara ya saba haulizi tena, anatia mkono, na kilio kinafuata.

Nimefundisha chekechea miaka mingi, kwa hiyo nilidhani najua dawa. Usiku ule nilimsimulia hadithi ya sungura mwenye pupa aliyekula embe bichi, tumbo likamsokota, akalia mpaka asubuhi. Nikamalizia kwa methali ambayo kila Mswahili ameisikia, kwamba subira yavuta heri. Mtoto alinisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Kwa nini hakula embe jingine?" Kesho yake alitia mkono kwenye maandazi kama kawaida.

Kosa halikuwa lake. Hadithi yangu ilimwonyesha mtu asiyesubiri na yaliyompata. Haikumwonyesha hata mara moja jinsi mtu anavyosubiri: anafanya nini na mikono yake, anawaza nini, anajuaje kwamba muda unakwenda. Nilimpa adhabu na methali, na kusubiri kwenyewe nikakuruka. Ukizichunguza hadithi nyingi tunazowasimulia watoto ili wajifunze subira, utakuta zimejengwa vivyo hivyo.

Basi nikakaa kitako nikatunga nyingine, na nitaiandika hapa nzima ili msomaji aichukue akamlaze nayo mtoto wake. Kwanza nieleze kwa nini nilimchagua kaa.

Sungura ni mjanja na fisi ni mlafi, na mtoto anajua hivyo hata kabla hujafungua mdomo. Mimi nilitaka mnyama ambaye kusubiri ndiyo maisha yake ya kila siku, asiyelazimishwa na mtu. Sisi wa Tanga tunaye karibu. Maji yakipwa, nenda kwenye mikoko utazame tope. Utaona kaa wadogo kama kucha ya kidole gumba, na dume lina gando moja kubwa karibu sawa na mwili wake na jingine dogo kama kibanio. Lile kubwa hulipungia hewani, utadhani anamwita mtu wa ng'ambo, lakini halimsaidii kula. Chakula anakipeleka mdomoni kwa lile dogo peke yake. Jike ana magando mawili madogo, kwa hiyo hula kwa mikono miwili na kushiba upesi zaidi. Wote huchota tope la juu, hulichuja mdomoni wakapata vijidudu na vijimea vilivyomo, kisha huitema takataka ikiwa kidonge cha mviringo. Ndiyo maana tope la mikokoni limejaa vidonge kama punje za mtama.

Bahari ikianza kujaa, kaa huyu hana la kubishana nayo. Hurudi shimoni, huziba mlango kwa donge la tope, na hukaa ndani gizani mpaka maji yapwe. Kwetu pwani bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka maji makavu hadi maji makuu ni kama saa sita. Kaa anangoja kila siku. Na yale maji yanayomfungia ndani ndiyo yanayomletea chakula kipya juu ya tope, kwa hiyo anapotoka hukuta meza imetandikwa upya.

Nilipoliona hilo nikajua hadithi nimeipata. Hapa hakuna mkubwa anayemnyima mdogo kitu. Kuna bahari, ambayo haina hila, na haijawahi kuacha kupwa.

Nilibadilisha jambo moja tu la maumbile. Kaa wa kweli hawalelewi na mama zao. Mayai yakianguliwa, vifaranga huchukuliwa na maji mpaka baharini na hurudi baadaye wenyewe. Kwa hiyo Gando wangu hana mama shimoni. Ana jirani, kikongwe wa shimo la pili, na wanazungumza kwa kugonga ukuta.

Hadithi ndiyo hii. Isome polepole. Mimi inanichukua dakika saba au nane.

*

Paukwa! (Mtoto anajibu: Pakawa!)

Chini ya mkoko mmoja mkubwa, kwenye tope laini, aliishi kaa mdogo sana. Alikuwa mdogo kama kucha ya kidole gumba. Hebu tazama kidole chako. Basi, hivyo hivyo. Jina lake aliitwa Gando, kwa sababu alikuwa na gando moja kubwa kama yeye mwenyewe. Gando kubwa lilikuwa la kupungia. Gando dogo lilikuwa la kulia chakula.

Kila maji yakipwa, Gando alitoka nje akala. Chota, tia mdomoni, tema kidonge. Chota, tia mdomoni, tema kidonge. Shimo la pili alikaa Bibi Kaa. Bibi alikuwa na magando mawili madogo, akila kwa huku na kwa huku, kwa hiyo alishiba mapema. Gando alikula kwa moja tu. Alikuwa bado yuko katikati ya chakula chake, akasikia: chweee.

"Maji yanakuja!" akasema Bibi Kaa. "Kila mtu kwake. Zibeni milango!"

Gando alitimua mbio. Akaviringisha donge la tope, akaingia shimoni, akavuta donge, akaziba. Ndani kukawa giza. Kukawa na joto zuri. Lakini tumbo la Gando likasema: nguru-nguru.

Gando akagonga ukuta. Gu, gu, gu. "Bibi! Maji yameondoka?"

"Bado, mjukuu wangu," akajibu Bibi Kaa. "Maji yako kwenye mizizi ya mkoko."

Gando akakaa. Kukaa tu kukamshinda. Akaanza kusugua ukuta wa shimo lake kwa mguu mmoja, taratibu, sugua, sugua, mpaka ukawa laini kama sahani. Nje maji yalipanda. Chweee. Chweee.

Gu, gu, gu. "Bibi! Maji yameondoka?"

"Bado, mjukuu wangu. Maji yako kwenye majani ya mkoko. Yamefika juu kabisa."

Gando akawaza, labda Bibi amekosea. Akasukuma mlango kidogo. Kidogo sana. Tone moja la maji likaingia, to! Likamwangukia kichwani. Lilikuwa la baridi. "Kweli bado," akasema Gando. Akaubana mlango tena vizuri.

Sasa akafanya nini? Akahesabu miguu yake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Kaa ana miguu minane. Akaihesabu tena, polepole zaidi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Kisha akanyamaza, akasikiliza. Chweee, iliyokuwa juu, sasa ilisikika chini.

Gu, gu, gu. "Bibi! Maji yamerudi kwenye mizizi?"

"Umesikia vyema," akasema Bibi Kaa. "Yanashuka. Bado kidogo, Gando."

Gando akangoja ile bado kidogo. Akasugua ukuta. Akahesabu miguu. Akasikiliza. Chweee ikawa ndogo, ikawa ndogo, ikawa mbali. Na mlango wake, uliokuwa mweusi, ukawa na mwanga mwembamba kama uzi.

Gando akasukuma donge. Puu! Jua. Na tope, lo! Lilikuwa jipya, linameremeta. Bahari ilikuwa imepita ikaliandaa lote. Chota, tia mdomoni, tema kidonge. Chota, tia mdomoni, tema kidonge. Alikula mpaka tumbo lake likanyamaza. Akainua gando kubwa akalipungia jua, na jua lilikuwa linakwenda kulala.

Kisha akasikia: chweee.

Gando hakupiga kelele. Akaviringisha donge lake. Akaingia. Akaziba. Kukawa giza, na kukawa na joto zuri. Akalaza miguu yake kwenye ukuta laini.

Gu, gu, gu. Safari hii aligonga Bibi Kaa. "Gando, maji yameondoka?"

Gando akasikiliza. "Bado, Bibi," akasema. "Yako kwenye mizizi."

"Ahsante, mjukuu wangu."

Na Gando akaanza kuhesabu miguu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ta...

*

Hapo ndipo hadithi inapoishia, na methali haimo. Usiiongeze. Ukisema "na sisi tuwe na subira kama Gando", mtoto atajua kwamba hadithi nzima ilikuwa mtego wa kumfikishia maneno hayo, na kesho hataiomba.

Sasa niseme kwa nini imejengwa hivi, maana kila kipande kina kazi, na ukikijua utaweza kutunga yako.

Angalia kwanza saa. Hadithi haina dakika hata moja ndani yake. Mtoto wa miaka 5 ukimwambia "nusu saa" unampa maneno matupu. Anachojua ni mfuatano wa mambo: baada ya kuoga ni chakula, baada ya adhana baba anarudi. Kwa hiyo muda wa Gando unapimwa kwa mti. Maji kwenye mizizi, maji kwenye majani, maji kwenye mizizi tena. Mtoto anauona muda ukipanda na kushuka. Mara ya tatu Gando haulizi tena kama maji yameondoka. Anauliza kama yamerudi kwenye mizizi, kwa kuwa amejifunza kuisoma ile njia, na mtoto kitandani amejifunza pamoja naye. Nimeona watoto wakitaja "mizizi!" kabla sijafika.

La pili ni zile kazi ndogondogo za shimoni: kusugua ukuta, kuhesabu miguu, kusikiliza. Kuna majaribio mashuhuri ambayo profesa wa saikolojia Walter Mischel aliyaanza miaka ya 1960 kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto aliachwa chumbani peke yake na kuambiwa kwamba akingoja mpaka mkubwa arudi atapata kitu kitamu anachokipenda zaidi. Akishindwa kungoja, apige kengele apate kile kidogo. Kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970, watoto waliowekewa vitu vyote viwili mbele ya macho walivumilia kwa wastani dakika moja tu. Ambao hawakuwekewa kitu mbele yao walingoja zaidi ya dakika 11. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba mtoto aliyepewa jambo la kufurahisha la kuwaza alingoja muda mrefu zaidi, na aliyeelekezwa kuwaza kile kitamu alishindwa mapema.

Kwa maneno mengine, anayeweza kusubiri ni yule aliyepata pengine pa kuweka macho na mawazo yake, wala si lazima awe na moyo mgumu kuliko wenzake. Gando yuko gizani, chakula hakionekani, na ana miguu minane ya kuhesabu. Mimi jikoni nilikuwa namweka mtoto mbele ya karai la maandazi halafu namwambia avumilie. Nilimweka mahali pagumu kuliko pote.

Lakini nilikuwa na wasiwasi na kitu kimoja. Watoto wa Stanford wengi waliimba, wakajifunika macho, wakacheza na mikono. Hadithi ya kulalia haitaki hayo. Mtoto akianza kuimba na kurusha miguu, usingizi umekwisha. Jibu nililipata Afrika. Mtafiti wa Kijerumani Bettina Lamm na wenzake walifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa miaka 4 wa kabila la Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni, na wakawalinganisha na watoto wa Ujerumani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto wa Kinso waliwekewa andazi la kwao. Karibu saba katika kila kumi walingoja mpaka mwisho, na kwa Wajerumani hawakufika watatu katika kumi. Kilichonigusa zaidi ni namna walivyongoja. Wajerumani walihangaika na kugeuka huku na huku. Wanso walikaa kimya, na baadhi yao wakasinzia palepale kitini. Subira ya kutulia ipo, na inafundishika. Ndiyo maana kazi za Gando zinazidi kupungua kelele: kusugua, kisha kuhesabu, kisha kusikiliza, kisha usingizi. Sauti yako nayo ishuke hivyo hivyo. Kwenye hesabu ya kwanza hesabu kwa sauti ya kawaida. Kwenye ya mwisho nong'ona, na kila namba iache pumzi moja ipite. Nikimwekea mjukuu wangu mkono mgongoni, nahesabu kwa mwendo wa pumzi yake.

Halafu kuna tone la maji. Kwenye matini ya kwanza niliyoandika, Gando alifungua mlango na shimo likajaa maji, akaokolewa na Bibi. Mtoto alikaa wima kitandani, macho yamemtoka. Nilikuwa nimerudi kulekule kwa sungura na embe. Nikalipunguza furiko likawa tone moja. Tone linatosha kumwambia Gando ukweli, halimtishi mtu, na Gando mwenyewe ndiye anayesema "kweli bado". Hakuna aliyemgombeza. Mtoto anahitaji kuona kwamba kukosa subira mara moja si mwisho wa dunia, kwamba unafunga mlango na kuendelea kungoja.

Na sasa neno lenyewe. Hadithi nzima haina "ngoja" mdomoni mwa Bibi Kaa. Ina "bado". Kiswahili kimetupa hapa kitu kizuri sana ambacho hatukitumii vizuri. "Ngoja" ni amri, na haisemi unangoja nini wala mpaka lini. "Bado" ni habari. Ukisema chakula bado, umesema hakijawa na umesema kitakuwa, yote kwa neno moja. Mtoto akiambiwa "bado, maji yako kwenye mizizi" amepewa mahali pa kusimama. Mimi jikoni siku hizi sisemi ngoja. Nasema, "Bado, yako kwenye karai. Yakitoka yatakaa kwenye chujio, kisha kwenye sahani ya bluu. Yakifika sahani ya bluu, nakuita." Maandazi yana mizizi na majani yake, na bila shaka hata uji na foleni ya dukani vina yake.

Lakini "bado" ina sharti. Lazima iwe kweli. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio ambalo nadhani kila mlezi angepaswa kulijua. Waliwachukua watoto 28 wa miaka 3 mpaka 5 na, kabla ya kuwapa ile kazi ya kungoja peremende, waliwaahidi vifaa bora zaidi vya kuchorea. Kwa nusu yao mkubwa alirudi navyo. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Likarudiwa tena kwa vibandiko vya picha. Ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika 3. Umri uleule, kazi ileile ya kungoja.

Niliposoma hayo nilinyamaza muda mrefu. Nilikumbuka ni mara ngapi nimemwambia mtoto "subiri nakuja", simu ikalia, nikasahau. Mtoto anayetia mkono kwenye sahani mara ya saba pengine hana pupa. Pengine amefanya hesabu yake akaona kwamba ngoja ya bibi haina mwisho, na hesabu yake ni sahihi. Kwa hiyo kwenye hadithi Bibi Kaa hakosei hata mara moja. Anaposema bado, ni bado. Anaposema yanashuka, yanashuka. Nilishawishika kuweka utani, Bibi amdanganye Gando kidogo ili tucheke. Nikaacha. Utani ule ungeivunja hadithi yote.

Limebaki jambo ambalo wapenzi wa hadithi za wanyama hatupendi kulisikia. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka 4 mpaka 6 kitabu kuhusu kugawana. Kikundi kimoja kilisomewa kikiwa na wanyama wanaovaa na kusema kama watu. Kingine kilisomewa hadithi ileile, ila wahusika wakiwa watu. Kisha wakatazama watoto wangapi watawagawia wenzao vibandiko vyao. Waliosomewa hadithi ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa ya wanyama hawakugawa zaidi. Hata hivyo, miongoni mwa waliosomewa ya wanyama, wale waliowaona wanyama wale kuwa wana tabia za watu waligawa zaidi kuliko wenzao. Yaani shida ni daraja. Mtoto anafurahia mnyama, lakini yale ya mnyama anamwachia mnyama.

Sikuacha kaa kwa sababu hiyo, kwa kuwa mtoto anampenda na kaa halisi yuko hatua chache kutoka nyumbani. Ila nimeweka madaraja mawili. Moja limo ndani ya hadithi: "hebu tazama kidole chako", na ile hesabu ambayo mtoto anahesabu pamoja na Gando. Anapohesabu, anasubiri yeye mwenyewe, kwa mwili wake, pale kitandani. La pili ni la mchana. Siku mbili baada ya kusimuliwa, tulikuwa tunangoja daladala na akaanza kunivuta kanga. Sikumwambia awe kama Gando. Nilimgonga begani kwa kidole, gu, gu, gu, nikauliza, "Gari limefika wapi?" Akatazama barabara akasema, "Bado, Bibi. Liko kwenye mizizi." Tukahesabu miguu ya kaa mara tatu na gari likafika.

Sitaki kudai kwamba amebadilika. Hadithi moja haimalizi pupa ya mtoto wa miaka 5, na siku ambayo ana njaa au amechoka hakuna kaa atakayemtuliza. Mpe chakula, mlaze. Rudia hadithi hii usiku mwingi, na usibadilishe maneno yanayojirudia, maana mtoto anayaotea. Utajua imeingia siku atakapokujibu "bado" kabla ya Bibi Kaa. Utajua haijaingia kama anauliza tu kama Gando alikufa. Basi umesimulia lile tone kwa kishindo mno.

Msomaji wa bara usiye na bahari, mtafute anayesubiri kitu kisichokosa kuja. Kuku anayeatamia anafaa sana, siku 21 mpaka kifaranga, na unaweza kumwekea mtoto maharage 21 kwenye kopo, atoe moja kila usiku. Bonde lenye mvua za msimu lina chura wake.

Na wewe wa pwani, ukimwahidi mtoto kwamba utampeleka kumwona Gando, mpeleke. Waulize wavuvi maji yanakupwa saa ngapi, kwa sababu kila siku bahari huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mkifika kwenye mikoko, tope litaonekana tupu, kwa kuwa kaa wote wamesikia hatua zenu wakaingia mashimoni. Chuchumaeni mahali pamoja, msisogee wala msiseme. Hesabuni miguu, moja mpaka nane, kimoyomoyo, mara nyingi. Baada ya dakika chache gando moja litachungulia shimoni, kisha la pili, kisha tope zima litaanza kupunga.